Rejesho la tarehe 31: barua pepe inayoomba msimbo usubiri

Mwandishi wa programu anayefanya kazi katika timu haandiki moja kwa moja ndani ya msimbo mkuu, ule unaoendesha mfumo wanaoutumia wateja. Huandika kipande chake pembeni, katika tawi lake, na akimaliza hufungua ombi la kuunganisha, ambalo kwenye skrini hufupishwa PR. Ombi hilo huwaonyesha wenzake mistari iliyoongezwa na iliyofutwa, na mmoja wao huikagua. Mkaguzi akiridhika, kipande kinaingia. Asiporidhika, huandika maoni, na mara nyingi mambo huishia hapo kati yake na mwandishi. Ila kuna nyakati ambapo maoni ya pembeni hayatoshi, na inabidi kiongozi wa timu aandikiwe barua pepe kwamba ombi fulani lisubiri. Sababu mojawapo inayotajwa katika barua za namna hiyo ni kwamba majaribio yaliyoambatana na msimbo hayajagusa hali za ukingoni.

Hali ya ukingoni ni thamani iliyo mwisho kabisa wa zile zinazokubalika, au mahali ambapo kanuni moja inaishia na nyingine inaanza. Kwa tarehe, ukingo ni siku ya mwisho ya mwezi, mwezi wa mwisho wa mwaka na tarehe 29 Februari. Kwa fedha, ni kiasi kisichogawanyika sawasawa. Huko ndiko programu zinakokosea zaidi, kwa sababu anayeandika huwa na mfano wa kawaida kichwani, na mfano wa kawaida hauko ukingoni.

Tuchukue mfano mdogo wa chama cha akiba na mikopo kinachotengenezewa mfumo mpya. Fanksheni moja inatakiwa kupanga ratiba ya marejesho: ipewe kiasi cha deni, idadi ya miezi na tarehe ya mkopo, nayo itoe tarehe ya kila rejesho na kiasi chake. Riba tuiweke kando, kwa kuwa haibadilishi hoja. Msimbo ulioletwa katika ombi namba 214, uliokwisha andikwa kwa Paitoni, ni huu:

```python
def ratiba(kiasi, miezi, tarehe):
    malipo = []
    kwa_mwezi = round(kiasi / miezi)
    for i in range(1, miezi + 1):
        mwezi = tarehe.month + i
        mwaka = tarehe.year + (mwezi - 1) // 12
        mwezi = (mwezi - 1) % 12 + 1
        siku = tarehe.replace(year=mwaka, month=mwezi)
        malipo.append((siku, kwa_mwezi))
    return malipo
```

Asiyejua lugha hii anaweza kuisoma hivi: gawanya deni kwa idadi ya miezi na ukadirie hadi shilingi nzima, kisha kwa kila mwezi unaofuata, chukua tarehe ileile ya mkopo ubadilishe mwezi, na ikibidi mwaka. Mwandishi ameambatisha jaribio moja. Mkopo wa shilingi 300,000 uliotolewa tarehe 15 Januari 2025 kwa miezi mitatu unapaswa kutoa marejesho matatu ya 100,000, tarehe 15 Februari, 15 Machi na 15 Aprili. Jaribio linapita. Alama ya kijani inawaka kwenye skrini, na kipimo cha mistari iliyoguswa na majaribio kinasoma asilimia 100.

Hicho kipimo ndicho kinachowapumbaza wengi, na ndicho barua inachopaswa kukijibu kabla hakijaulizwa. Asilimia 100 maana yake ni kwamba kila mstari ulipitiwa angalau mara moja wakati majaribio yakiendeshwa. Haisemi ulipitiwa na thamani zipi. Fanksheni hii haina hata sharti moja la "ikiwa", kwa hiyo mkopo wowote ule unaofika mwisho unapita mistari yote. Tarehe 15 inapita mistari ileile ambayo tarehe 31 ingeipita, tofauti ni kwamba tarehe 15 ipo katika kila mwezi.

Tarehe 31 haipo. Mkopo ukitolewa 31 Januari, mstari wa `replace` unaitafuta 31 Februari, hauipati, na Paitoni inasimamisha kazi kwa kosa linaloitwa `ValueError`. Ofisa mikopo aliyeketi na mkopaji mbele yake anaona skrini imegoma. Kosa hili lina fadhila moja: linapiga kelele. Katika JavaScript kosa kama hilo hupita kimya, kwani ukiiambia tarehe 31 Januari 2025 ihamie Februari kwa `setMonth`, siku tatu zinazozidi zinamwagika na unapewa 3 Machi. Hifadhidata ya PostgreSQL, ukiiongezea tarehe hiyohiyo mwezi mmoja, inarudi nyuma hadi 28 Februari. Zana tatu, majibu matatu, na kila moja inafuata kanuni yake sawasawa. Anayehamisha msimbo kutoka lugha moja kwenda nyingine huku akidhani kwamba "mwezi mmoja baadaye" ni kitu kimoja duniani kote atajikuta na ratiba mbili za mkopo mmoja.

Swali ambalo kiongozi wa timu atauliza mara moja ni kama hali hiyo hutokea mara ngapi. Kwa fanksheni hii jibu linaweza kuhesabiwa kwa vidole. Chukua mkopo wa miezi mitatu katika kipindi ambacho Februari ina siku 28. Miezi saba ya mwaka ina tarehe 31, na kila mmoja wake, ndani ya miezi mitatu inayofuata, unakutana na mwezi wa siku 30 au na Februari. Hizo ni siku saba. Tarehe 30 zinagonga mwamba zikianzia Novemba, Desemba na Januari, maana ndipo Februari inapoingia ndani ya miezi mitatu. Tarehe 29 vilevile. Jumla ni siku 13 kati ya 365. Mkopo ukiwa wa miezi 12, hauwezi kuikwepa Februari, kwa hiyo kila tarehe 29, 30 na 31 ya mwaka inakwama: siku 29. Na siku hizo hazikutawanyika ovyo, zimekusanyika mwishoni mwa mwezi. Mfumo ukizinduliwa tarehe 3, timu itashangilia kwa zaidi ya wiki tatu kabla ya simu kuanza kulia.

Kosa la pili halipigi kelele hata kidogo. Gawanya shilingi 100,000 kwa miezi mitatu: kila rejesho ni 33,333, na mkopaji akimaliza yote amelipa 99,999. Kwenye daftari la mfumo anabaki anadaiwa shilingi moja, ambayo hata sarafu yake haipatikani mtaani. Kama kanuni ya chama inasema asiyemaliza deni hakopi tena, basi huyu hakopi tena, na karani atatumia asubuhi nzima kutafuta sababu. Kwa shilingi 200,000 mambo yanageuka: rejesho linakadiriwa kuwa 66,667, mara tatu ni 200,001, na sasa chama kimemtoza mwanachama shilingi isiyo yake. Shilingi moja si fedha. Lakini mhasibu anayefunga hesabu za mwezi hafungi hesabu zinazopishana kwa shilingi moja, sembuse zinazopishana kwa shilingi moja moja kwa mamia ya mikopo, nyingine juu na nyingine chini.

Mkaguzi aliyeyaona haya mawili ana hiari ya kuandika maoni kwenye ombi na kubofya `Request changes`. Hilo anapaswa kulifanya kwanza, tena azungumze na mwenzake kabla ya kumfikia mkubwa. Kuruka hatua hiyo huonekana kama kushtaki, na ndivyo kulivyo. Kwa nini basi barua pepe kwa kiongozi? Kwa sababu jaribio la tarehe 31 haliwezi kuandikwa na mkaguzi wala na mwandishi mpaka mtu mwenye mamlaka aseme jibu sahihi ni lipi. Rejesho la Februari liwe tarehe 28, au 1 Machi? Shilingi iliyobaki iingie rejesho la kwanza au la mwisho? Haya si maswali ya Paitoni, ni maswali ya chama kile na wakopaji wake. Ombi la kuunganisha lilikuwa limeyajibu kwa niaba yao bila kumwuliza mtu, na jibu lilikuwa "mfumo ugome" na "shilingi ipotee". Majaribio ya ukingoni huwa na tabia hii ya kufichua kanuni ambazo hakuna aliyezitunga.

Kuna sababu ya pili, ya kawaida zaidi. Kiongozi ndiye anayeshika tarehe ya kutoa toleo. Ombi likisubiri, kitu kingine kinasogea, na yeye ndiye wa kuamua kisogee nini.

Barua nzuri ya aina hii ni fupi, na mambo yake yanakuja kwa mpangilio ambao msomaji mwenye shughuli nyingi anaweza kuuacha katikati bila kupoteza kiini. Kichwa chake kinataja ombi na kinachoombwa. Sentensi ya kwanza inasema lisubiri hadi lini, au hadi jambo gani. Kisha unakuja ushahidi ambao mpokeaji anaweza kuujaribu mwenyewe kwa dakika moja, halafu madhara kwa mtumiaji, kisha orodha yenye mwisho ya kinachokosekana, na mwishowe maamuzi yanayohitajika kutoka kwake. Kwa mfano wetu ingesomeka hivi:

*Kichwa: Ombi namba 214 (ratiba ya marejesho) lisubiri majaribio manne*

*Dada, habari za kazi.*

*Naomba ombi namba 214 lisiunganishwe leo, lisubiri majaribio manne niliyoyataja hapo chini. Nimeshazungumza na mwenzetu aliyeliandika, na amekubali kuyaongeza. Kwa makadirio yetu ni kazi ya nusu siku, baada ya kupata majibu yako mawili.*

*Hesabu ya kawaida iko sawa. Tatizo liko mwisho wa mwezi na kwenye kiasi kisichogawanyika. Ukiendesha `ratiba(300000, 3, date(2025, 1, 31))` utapata `ValueError`, kwa sababu 31 Februari haipo. Ukiendesha `ratiba(100000, 3, date(2025, 1, 15))` haigomi, ila jumla ya marejesho ni 99,999.*

*Kosa la kwanza litamzuia ofisa kutoa mkopo wa miezi 12 kila tarehe 29, 30 na 31. La pili litaacha madeni ya shilingi moja ambayo hayafungiki. La pili linanitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa ratiba zikishahifadhiwa itabidi tuzirekebishe moja moja ndani ya hifadhidata.*

*Majaribio yanayokosekana: (1) mkopo wa 31 Januari 2025 kwa miezi mitatu, (2) mkopo wa 31 Januari 2028, ambapo Februari ina siku 29, (3) jumla ya marejesho iwe sawa na deni kwa 100,000 na 200,000 kwa miezi mitatu, (4) mkopo wa 15 Oktoba unaovuka mwaka.*

*Naomba uamuzi wako, au wa idara ya mikopo, kuhusu mambo mawili: mwezi usio na tarehe husika, rejesho liwe siku ya mwisho ya mwezi huo? Na shilingi zinazobaki ziingie rejesho la mwisho?*

*Kama toleo la Ijumaa haliwezi kusogea, tunaweza kuliunganisha likiwa limefungwa kwa watumiaji, au lipokee mikopo ya tarehe 1 hadi 28 pekee. Njia ya pili haitibu suala la shilingi.*

*Asante.*

Maneno yaliyoachwa nje ya barua hii yanaeleza mengi kama yaliyomo. Hakuna "msimbo huu ni hatari", hakuna "ubora wa majaribio yetu umeshuka siku hizi". Mwandishi wa ombi hatajwi kwa jina, naye ametajwa mara moja tu, kwa heri. Mkaguzi anayeandika kwamba "majaribio hayatoshi" amemwachia kiongozi mambo mawili tu ya kufanya, kumwamini au kutomwamini. Anayeweka mstari mmoja wa kuendeshwa amempa la tatu, kuujaribu.

Neno "manne" kwenye kichwa nalo lina kazi. Ombi linaloambiwa lisubiri "mpaka majaribio yakamilike" linaweza kusubiri hadi masika mengine, kwa kuwa hali za ukingoni hazina mwisho kwa anayezitafuta. Mkaguzi mwenye uzoefu huchagua. Katika mfano huu, idadi ya miezi ikiwa sifuri fanksheni inagoma kwa kugawanya kwa sifuri, na ikiwa hasi inatoa ratiba tupu bila kulalamika, yaani mkopo usio na marejesho. Vyote viwili vinatisha vikisomwa. Ila ikiwa fomu ya maombi hairuhusu chochote nje ya mwezi 1 hadi 12, na fomu hiyo ndiyo mlango pekee wa kuifikia fanksheni, thamani hizo hazifiki, na kuzidai sasa ni kumchelewesha mwenzako bila faida. Zinaandikwa pembeni kama kazi ya baadaye. Siku mlango wa pili ukifunguliwa, tuseme wa kupokea mikopo kutoka simu za wanachama, ndipo zitakapopanda daraja.

Jaribio la nne, la kuvuka mwaka, lina historia tofauti. Likiandikwa leo linapita; msimbo uko sahihi hapo. Limeombwa kwa sababu hesabu ya miezi inayozunguka 12 huharibika kwa urahisi mno. Atakayekuja mwakani na kuona `(mwezi - 1) % 12 + 1` anaweza kudhani ni mzunguko usio na maana, akaandika `mwezi % 12`, na Desemba ikawa mwezi wa sifuri. Mkopo wa 15 Oktoba kwa miezi mitatu unapita Novemba, Desemba na Januari, kwa hiyo unagusa pande zote mbili za mpaka.

Majibu ya kiongozi yakifika, tuseme siku ya mwisho ya mwezi na rejesho la mwisho, majaribio yanaandikika. Mawili yaliyo muhimu zaidi ni haya:

```python
def test_mwisho_wa_mwezi():
    r = ratiba(300000, 3, date(2025, 1, 31))
    assert [t for t, _ in r] == [
        date(2025, 2, 28),
        date(2025, 3, 31),
        date(2025, 4, 30),
    ]

def test_jumla_ni_deni():
    for deni in (100000, 200000):
        r = ratiba(deni, 3, date(2025, 1, 15))
        assert sum(k for _, k in r) == deni
```

La kwanza limechukua miezi mitatu kwa makusudi. Kuna tiba ya haraka ambayo watu wengi huifikia: rudisha tarehe hadi mwisho wa mwezi, kisha hesabu mwezi unaofuata kutoka hapo. Februari inakuwa 28, sawa. Lakini Machi inahesabiwa kutoka 28 Februari, ikawa 28 Machi, na Aprili 28. Tarehe imeteleza na haitarudi tena 31. Jaribio la mwezi mmoja pekee lingeipitisha tiba hiyo. La miezi mitatu linaikamata kwenye Machi. Njia nzuri ya kujua kama jaribio lina meno ni kuuharibu msimbo makusudi kwa namna hiyo na kutazama kama litaanguka. Likiendelea kuwa kijani, halijalinda kitu.

Tiba yenyewe ni ndogo. Siku inachukuliwa kutoka tarehe ya asili kila mara na kubanwa isizidi urefu wa mwezi, na mgawanyo unafanywa kwa namba kamili huku baki likihifadhiwa:

```python
msingi, baki = divmod(kiasi, miezi)
mwisho = monthrange(mwaka, mwezi)[1]
siku = date(mwaka, mwezi, min(tarehe.day, mwisho))
```

Rejesho la mwisho linaongezewa `baki`. Kwa 100,000 marejesho yanakuwa 33,333, 33,333 na 33,334. Kwa 200,000 yanakuwa 66,666, 66,666 na 66,668. Jumla inafunga.

Anayedhani kwamba tarehe zisizokuwepo ni makosa ya timu changa akumbuke yaliyoipata Microsoft. Tarehe 29 Februari 2012, huduma yake ya kukodisha kompyuta mtandaoni, Azure, ilianguka katika sehemu nyingi za dunia. Kampuni yenyewe ilichapisha maelezo baadaye. Kila kompyuta pepe iliyokuwa ikiwashwa ilijitengenezea cheti cha usalama cha mwaka mmoja, na tarehe ya mwisho wake ilipatikana kwa kuongeza moja kwenye mwaka. Siku hiyo jibu likawa 29 Februari 2013, siku ambayo haikuwahi kuwepo. Cheti hakikutengenezeka, na kompyuta haikuwaka. Seva iliyoihifadhi ilisubiri dakika 25, ikajaribu tena, na baada ya kushindwa mara tatu ikahitimisha kwamba mashine yenyewe ni mbovu. Ndipo mfumo wa kujitibu ukazihamishia kompyuta zake kwenye seva nyingine nzima, ambako ziliwashwa upya, zikajaribu kutengeneza vyeti, zikashindwa, na seva hizo nazo zikatangazwa mbovu. Kosa lilikuwa la aina ileile ya `replace` ya ombi namba 214: kubadilisha sehemu moja ya tarehe na kudhani zilizobaki zitaendana nayo. Kampuni hiyohiyo ilikuwa imeonywa na kalenda miaka mitatu na ushei kabla. Tarehe 31 Desemba 2008 vichezeo vyake vya muziki vya Zune vya gigabaiti 30 viliganda kwa sababu msimbo wa saa haukujua la kufanya na siku ya 366 ya mwaka. Ulizunguka mahali pamoja bila kutoka.

Kusubiri nako kuna gharama, na barua isiyoikiri huonekana imeandikwa na mtu asiyebeba mzigo wa ratiba. Tawi linalokaa pembeni huzidi kutengana na msimbo mkuu kila siku wengine wanapounganisha kazi zao, na kulirudisha baadaye huzua migongano ambayo nayo huzaa makosa. Wenzake wanaoitegemea fanksheni hiyo wanakaa. Kwa hiyo zipo hali ambapo jibu sahihi ni kuunganisha. Mfumo ukiwa umelala na ombi ndilo linaloufufua, liingie, na majaribio yafuate siku hiyohiyo. Kosa la ukingoni likiwa tayari limo ndani ya msimbo mkuu, na ombi haliliongezi wala halilipunguzi, si haki kumbebesha mwandishi wa ombi deni la zamani. Linafunguliwa suala lake. Na kosa likiwa la kugoma tu, katika sehemu isiyohifadhi chochote, linaweza kuvumiliwa kuliko lile linaloandika takwimu mbaya kimyakimya. Ndiyo maana barua ile ilisema wazi kwamba shilingi moja inatia wasiwasi kuliko skrini iliyogoma, ingawa ukitazama kwa haraka ungedhani kinyume.

Njia ya kati iliyotajwa mwishoni mwa barua, kuunganisha msimbo ukiwa umefungwa kwa watumiaji, hupendwa na viongozi kwa kuwa inaokoa tarehe. Inafaa, kwa sharti kwamba kufungua kufuli kuwe ni kazi yenye mwenyewe na iliyofungwa kwenye majaribio yale manne. La sivyo, atakuja mtu wa mauzo wiki mbili baadaye aulize mbona ratiba ya marejesho haionekani, na mtu mwingine asiyejua habari ya tarehe 31 ataifungua kwa mbofyo mmoja. Kwa sababu hiyohiyo, majibu ya kiongozi kuhusu siku ya mwisho ya mwezi na rejesho la mwisho hunakiliwa kutoka kwenye barua pepe na kubandikwa ndani ya ombi lenyewe. Barua pepe huishi kwenye sanduku la watu wawili. Ombi hubaki na msimbo, na atakayeuliza mwaka 2028 kwa nini rejesho la kwanza la mkopo wa 31 Januari limeangukia 29 Februari atalikuta jibu hapo.